Maduka 40, Maswali 1,640

Muuza jumla wa Kariakoo anayepeleka vinywaji kwenye maduka 40 ya rejareja jijini Dar es Salaam anahitaji kujua kila asubuhi gari lianzie duka gani na limalizie lipi. Programu inayompangia safari haizijui barabara, ndiyo maana huiuliza huduma ya ramani: kutoka ghalani hadi Sinza ni kilomita ngapi? Kutoka Sinza hadi Mbagala je? Ili ilinganishe njia, inataka umbali wa kutoka kila kituo hadi kila kituo kingine. Pamoja na ghala, vituo ni 41, na kila kimoja kina wenzake 40. Hizo ni jozi 1,640.

Kesho yake wateja 36 ni wale wale, wanne tu ndio wapya. Programu isiyoweka kumbukumbu huuliza jozi zote 1,640 upya, ingawa barabara za jana hazijahama. Kuyafunga maswali mengi katika ombi moja hakupunguzi ankara, kwa sababu huduma kama Google Maps huhesabu jozi, si maombi.

Dawa yake ni kache, yaani mahali programu inapotunza majibu iliyokwisha kupewa. Kabla ya kuuliza, huangalia humo kwanza:

```python
def umbali(a, b, chombo):
    ufunguo = (a.namba, b.namba, chombo)
    if ufunguo not in kache:
        kache[ufunguo] = uliza_ramani(a, b, chombo)
    return kache[ufunguo]
```

Siku ya pili vituo vinavyojulikana ni 37, yaani maduka 36 na ghala. Jozi zao ni 37 × 36, sawa na 1,332, na zote zimo tayari kwenye kache. Yanabaki maswali 308. Ila kache iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta pekee hufutika programu inapofungwa, hivyo majibu yaandikwe kwenye faili au hifadhidata ndogo kama SQLite.

Kazi kubwa iko kwenye ufunguo. Wengi huutengeneza kwa latitudo na longitudo kutoka kwenye simu ya dereva, kisha wanashangaa ankara haishuki. Simu ikipimwa mara mbili pale pale mlangoni inaweza kuandika -6.81652 kisha -6.81649. Kwa mtu, hapo ni mahali pamoja. Kwa kompyuta, ni funguo mbili tofauti. Kukadiria hadi tarakimu nne baada ya nukta, hatua ya mita 11 hivi, husaidia sana, lakini vipimo viwili vya jirani bado vinaweza kuangukia pande mbili za mpaka. Namba ya duka ni salama zaidi, mradi duka likihama majibu yake ya zamani yafutwe.

Kosa jingine ni kudhani kwenda na kurudi ni sawa. Ukipanga namba za jozi kwa ukubwa ili jibu moja litumike pande zote mbili, maswali hupungua kwa nusu, lakini barabara za njia moja hukuumbua: gari hulazimika kuzunguka wakati wa kurudi. Chombo nacho kimo kwenye ufunguo, kwa kuwa pikipiki hupita pasipopitika kwa lori.

Jinsi ya kugundua tatizo ni rahisi. Programu ihesabu maswali yaliyojibiwa na kache na yaliyopelekwa nje. Katika mfano huu, siku ya pili isomeke 1,332 na 308. Ikisomeka sifuri na 1,640, ufunguo unabadilika kila siku. Na huduma ikishindwa kujibu, kosa hilo lisihifadhiwe kama umbali wa sifuri, la sivyo maduka mawili yataonekana yako chini ya paa moja.

Umbali hudumu, lakini si milele. Kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa Kigamboni mwezi Aprili 2016, gari kutoka mjini lilipanda pantoni Magogoni au kuzungukia Kongowe. Kache iliyojazwa kabla ya hapo ingeendelea kulizungusha gari hata baada ya daraja kufunguliwa. Kwa hiyo kila jibu liandikiwe tarehe, nalo liulizwe upya baada ya muda, tuseme mwezi mmoja. Dakika za safari ni jambo jingine: foleni ya saa kumi na moja jioni si ya saa nne asubuhi, na jibu lake huchakaa upesi.

Lipo pia suala la ruhusa. Masharti ya Google Maps kwa ujumla yanakataza kuhifadhi majibu yake, isipokuwa vitu vichache vilivyotajwa, kwa hiyo yasomwe kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Anayetaka kuhifadhi kwa uhuru anaweza kupakua ramani ya OpenStreetMap, ambayo leseni yake inaruhusu, na kuendesha OSRM kwenye seva yake mwenyewe. Hapo halipi kwa kila jozi, ila hapati taarifa za foleni za papo kwa papo, na kuipakua ramani upya barabara zinapobadilika ni kazi yake.