Sukari ya Marekani na kura zisizopigika

Tangu mwaka 1982 serikali ya Marekani imekuwa ikiigawia kila nchi muuzaji kiasi cha sukari inachoruhusiwa kuingiza kwa ushuru mdogo. Inayozidi hapo hutozwa ushuru mkubwa kiasi kwamba haina maana kuileta. Ndiyo maana kwa miaka mingi sukari imekuwa ghali zaidi Marekani kuliko katika soko la dunia.

Mwaka 2023 wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walikadiria kwamba mpango huu unawagharimu wanunuzi dola bilioni 2.5 hadi 3.5 kwa mwaka, huku wazalishaji wakipata bilioni 1.4 hadi 2.7. Wanaoumia wanapoteza zaidi ya wanachopata wanaofaidika, na bado sheria imesimama. Kwa nini?

Gawa hasara hiyo kwa Wamarekani zaidi ya milioni 330. Kila mmoja anapoteza kama dola 8 hadi 10 kwa mwaka, tena zimejificha ndani ya bei ya biskuti na soda. Nani ataacha kazi yake akamwone mbunge kwa ajili ya dola kumi? Akikaa kimya hakosi kitu, maana wengine wakishinda naye atanunua kwa bei nafuu. Mancur Olson aliieleza hesabu hii mwaka 1965: kundi kubwa hushindwa kujipanga kwa sababu kila mtu anamtegemea mwenzake.

Upande wa pili, faida inawafikia wakulima wa miwa wa Florida na Louisiana, wakulima wa viazisukari wa Minnesota na North Dakota, na viwanda vinavyowanunulia. Ni wachache, wanajuana, na riziki yao yote iko hapo. Kuajiri wanasheria na kuchangia kampeni kunawalipa. Wabunge wao hubadilishana kura na wenzao: niungeni mkono kwenye sukari, nami nitawaunga mkono kwenye mahindi. Gordon Tullock alionyesha mwaka 1967 kwamba hata fedha na vipaji vinavyotumika kuwania upendeleo wa aina hii ni hasara kwa taifa, kwa kuwa havizalishi hata kilo moja ya sukari.

Watengenezaji wa pipi nao wana nguvu, na wamepigana. Mwaka 2013 hoja ya kulegeza mpango huu ilishindwa katika Seneti kwa kura 45 dhidi ya 54. Mwaka 2018, katika Baraza la Wawakilishi, ilipata 137 dhidi ya 278.

Wanunuzi waliwahi kushinda. Mwaka 1974 bei ya sukari duniani ilipaa, kila nyumba ikaona, na Bunge likakataa kuongeza muda wa sheria ya zamani ya sukari. Bei ziliposhuka, hasira ikapoa. Kufikia mwaka 1981 ulinzi ulikuwa umerudishwa ndani ya muswada mkubwa wa kilimo ambao wananchi wachache sana waliusoma.