Umri wa mgongo, umri wa kadi

Kwenye baraza ya kituo kimoja cha afya wilayani Chunya kuna mistari miwili ya rangi nyekundu, imepigwa sakafuni mita 10 kutoka mmoja hadi mwingine. Mgonjwa wa viungo akiitwa, haambiwi akae. Anaambiwa avue viatu, ageuke, aende zake mpaka apite mstari wa pili. Mtaalamu wa fiziotherapia, mama wa makamo ambaye wagonjwa wote humwita Dokta, anabaki nyuma yake na simu mkononi ikihesabu sekunde. Kadi ya mgonjwa imelazwa kifudifudi mezani. Kabla hajaigeuza, anaandika namba moja kwenye daftari la shule: umri aliousoma kwenye mgongo ule.

Nilikwenda Chunya kwa habari nyingine kabisa, ya bei ya dhahabu sokoni, na habari hiyo niliiandika ikaisha. Daftari lile ndilo lililoninasa. Maana kazi hiyo sote tunaifanya kila siku, bila daftari. Unamfuata mtu kwenye njia ya vumbi pale Makongolosi, unataka kumpita, uso wake hujauona, na una hatua chache tu za kuamua: ni shikamoo au ni mambo vipi? Ukimwamkia kijana mwenzako atakucheka. Ukimnyima mzee, taarifa zako zitafika nyumbani kabla yako. Basi huwa tunaamua kwa kutazama nini?

"Watu hudhani wanatazama mgongo," Dokta aliniambia. "Mgongo unadanganya sana. Mimi natazama wayo."

Akaniweka nyuma yake, akamwomba muuguzi kijana atembee peku. Nikaambiwa nisitazame kitu kingine chochote isipokuwa mguu unaobaki nyuma. Kweli, kila hatua ilipokaribia kuisha, kisigino kilinyanyuka, shavu la mguu likakaza, na wayo ukasimama karibu wima juu ya vidole, wote ukaonekana: kisigino cheupe, uvungu wake, mpaka mikunjo ya chini ya vidole. Ulisimama hivyo kitambo kidogo sana, kisha mguu ukaruka mbele. Kisha akapita mzee mmoja aliyekuja kumsindikiza mkewe, mwenye afya yake, mwendo mzuri tu wa kujiamini. Kwake niliona kisigino na sehemu ya uvungu, basi. Vidole sikuviona. Mguu uliondoka sakafuni kabla wayo haujasimama.

Tofauti hiyo ina sababu. Nguvu inayomsukuma mtu mbele hutoka zaidi kwenye kifundo cha mguu, kwa kazi ya misuli ya shavu la mguu. Umri ukisogea, misuli hiyo hupungua nguvu mapema kuliko ile ya juu, na mwili hutafuta njia ya kuziba pengo: kazi inahamia kwenye nyonga. Kijana husukuma ardhi, mzee huvuta mguu. Aliye nyuma yao, bila kujua hata kidogo kwamba amewahi kutazama nyayo za watu, huhisi kwamba mmoja anaruka na mwingine anabebeka.

Mengine yanafuata hapo hapo. Asiyesukuma sana hupiga hatua fupi. Mtu mzima mwenye afya hupita mita 10 za Dokta kwa sekunde 7 au 8, hatua kama 14. Mwenye miaka 70 na ushee, naye mzima, huchukua kama sekunde 9, hatua 16 hivi. Ukihesabu utaona kwamba mzee hanyanyui miguu polepole sana kuliko kijana. Hatua zake ndizo fupi. Na miguu yote miwili hukaa chini pamoja kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu kusimama kwa mguu mmoja ndiko kunakotisha.

Nikamwuliza kama basi anaweza kumtofautisha mtu wa miaka 25 na wa 45.

"Nitakudanganya," alisema. "Kuanzia ishirini mpaka hamsini nabahatisha tu. Mwendo wa kawaida haubadiliki mpaka mtu anaisogelea sitini. Anayekwambia huyu ana thelathini na nane kwa kumtazama nyuma, ameona nguo. Ameona suruali, ameona nywele, ameona kikapu. Hajaona mwendo."

Viatu navyo huharibu ushahidi wote. Kandambili hazishiki kisigino, hivyo mvaaji hukunja vidole kuzibana na kufupisha hatua, awe na miaka 20 au 80. Gambuti, ambazo kwenye mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu huvaliwa kutwa, hazikunjiki vizuri katikati, na wayo haunyanyuki unavyopaswa. Ndiyo maana ya kuvua viatu. Barabarani hakuna anayekuvulia.

Sasa twende kwenye ukurasa wa daftari ulionifanya nirudi pale barazani. Mwanamume amepita mistari miwili kwa sekunde 12 na nusu, hatua 20. Ameinama. Mikono haichezi. Dokta ameandika 60, na ukweli ni kwamba kwa mwendo ule hata mzee mzima wa miaka 75 angemwacha nyuma. Alipogeuza kadi akakuta 36.

"Hapo ndipo kazi yangu inapoanza," alisema. Akamrudisha mstarini. "Nenda tena, kaka. Usijali, taratibu."

Safari hii hakutazama saa. Kwanza aliangalia kule kuinama kunaanzia wapi. Mgongo wa uzee hupinda juu, katikati ya mabega, na kichwa kinatangulia. Huyu alikuwa amenyooka kuanzia kiunoni mpaka shingoni. Aliinamia kwenye nyonga, na kiwiliwili chote kimeegemea upande wa kulia. Halafu nyayo. Wa kulia ulisimama wima, ukaonekana wote, wayo wa kijana. Wa kushoto haukusimama kabisa. Kisigino kilinyanyuka kidogo kikarudi, na mguu ukaondoka upesi kama uliokanyaga kaa la moto.

Uzee haubagui miguu kiasi hicho. Ukimchukua mmoja, unamchukua na mwenzake. Dokta akamsimamisha ukutani, ashike kwa vidole tu, apande na kushuka kwa mguu mmoja. Kulia alipanda mara 20 bila taabu. Kushoto, mara ya tatu kisigino hakikunyanyuka. Shavu la mguu halikuwa limechoka. Mshipa wa fahamu unaolipa amri, ule unaotoka chini kabisa ya uti wa mgongo, ulikuwa umebanwa. Kazi yake yule bwana ilikuwa kupandisha viroba vya mawe kutoka kwenye duara na kuvifikisha karasha, na amekuwa akibeba tangu hajaota ndevu. Kiroba kikijaa mawe ni kilo 50, wakati mwingine zaidi. Aliandikiwa rufaa ya kwenda Mbeya kwa vipimo, na akapewa mazoezi ya kuanza nayo. Kama alikwenda, daftari halisemi. Hajarudi barazani.

Nilipitia kurasa nyingi. Kwa wakulima wa tumbaku na wafanyabiashara wa mjini, Dokta hukosea huku na huku, leo amezidisha, kesho amepunguza. Kwa wachimbaji makosa yake huelekea upande mmoja: mgongo unasema mkubwa, kadi inasema mdogo. Yeye hayaiti makosa. Anasema pengo hilo ndilo analolitafuta, na likizidi sana anaacha habari za umri anauliza habari za kazi. Wanaopasua na kusaga mawe makavu anawasikiliza kifua, kwa sababu vumbi la mawe hukata pumzi, na mwenye pumzi fupi hutembea kizee hata kama misuli yake haina hitilafu. Wanaochoma zebaki anawatembeza kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Jaribio hilo si lake; mwaka 2003, watu wa Rwamagasa kule Geita walipopimwa madhara ya zebaki, mwendo wao ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Mtu aliyeguswa na sumu hiyo anaweza kutanua miguu ili asiyumbe. Wazee nao hutanua miguu ili wasiyumbe. Kwa nyuma, wote wawili utawapa shikamoo.

Kuna kundi moja ambalo Dokta hukataa kabisa kuliandikia namba. "Mwanamke mwenye ndoo kichwani," alicheka, "huyo namwachia Mungu."

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ili isimwagike, shingo lazima inyooke, na mgongo uifuate. Mkono mmoja umeshika, hivyo hauchezi. Hata dalili ambayo Dokta huitegemea kuliko zote baada ya wayo, yaani namna mtu anavyogeuka, hutoweka: kijana akigeuka huanza kichwa, mwili ukafuata, na wayo mmoja ukazunguka; mzee hugeuka mwili mzima kwa hatua ndogo ndogo. Mwenye ndoo hugeuka mwili mzima siku zote, hata akiwa binti wa sekondari. Halafu kuna mazoea. Mwaka 1986 watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya walitangaza kwamba waliweza kubeba mzigo unaofikia sehemu moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi ya wanazotumia kutembea mikono mitupu. Mwili uliofundwa hivyo tangu utotoni unatembeaje ukifika miaka 65? Dokta ananiambia viwango anavyolinganishia vimetokana zaidi na watu wa nchi nyingine, waliokulia kwenye viatu na sakafu tambarare. Bibi wa Chunya aliyepanda na kushuka mlima na ndoo miaka 50 anampima kwa rula ya nani?

Na kadi yenyewe? Wazee wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari, na mwaka uliokadiriwa siku ya kujiandikisha. Siku yangu ya mwisho pale alikuja mzee mmoja wa goti. Akapita mistari kwa sekunde 9, wayo ukionekana zaidi ya nusu. Dokta akaandika 65. Kadi ikasema amezaliwa 1951.

"Shikamoo, babu. Huu mwaka ni wa kweli?"

"Marahaba. Walikadiria," alisema mzee. Akaeleza kwamba alikuwa akimpelekea baba yake chakula mgodini Saza, peke yake, kwa miguu, kabla wazungu hawajaufunga. Mgodi wa Saza ulifungwa 1956. Mtoto wa miaka mitano hatumwi njia ile peke yake. Ama kumbukumbu imechanganya miaka, ama kadi imempunguzia umri na mgongo ukampunguzia tena.

Dokta akaandika 1951, akaweka mkwaju, akaandika 1946, kisha akamwambia apande kitandani alione goti.