Nani Alitangulia? Kweli na Uongo Kuhusu Karata za Kukimbizana

Kadi ya kawaida ya Kisumu, iwe inachezwa Kondele nje ya duka au ufuoni Dunga wavuvi wakingoja jioni, ina zamu. Jeki ikikuruka umerukwa, Kingi ikirudisha mchezo unarudi ulikotoka, na usiposema "niko kadi" kwa wakati wake hufungi hata uwe umeshika karata tamu namna gani. Ugomvi wake ni wa sheria: nane inajibiwa na nini, mbili inaepukwaje. Sasa waondolee watu haohao zamu, uwape mchezo wa spidi ambamo kila mtu hutupa anapoweza. Sheria wote wanazijua na hakuna anayezibishia. Kinachobishaniwa ni nani alitangulia, na hapo ndipo imani nyingi za mezani zinapopotosha watu.

Kwa asiyeujua, spidi ya wawili huchezwa hivi. Karata ni 52, joka hazimo. Kila mmoja ana tano mkononi na akiba ya 15 ya kuchotea. Katikati kuna karata mbili zilizofunikwa, na kando ya kila moja kuna karata tano za kukwamulia mchezo wote wawili wakikosa cha kutupa. Wanahesabu pamoja, wanafunua zile mbili za kati, na kuanzia hapo yeyote anaweza kutupa kwenye rundo lolote karata iliyo hatua moja juu au moja chini ya ile iliyo wazi. Juu ya saba huenda sita au nane. Unatupa moja moja, unachota kujaza mkono, na anayemaliza akiba na mkono ndiye mshindi.

"Aliyeiona nafasi kwanza ndiye mwenye haki nayo."

Uongo. Katika spidi kuona si kucheza, na kupiga kelele "ni yangu!" si kucheza pia. Karata iliyo hewani bado ni ya mkononi. Inahesabika ikishagusa rundo. Kelele zina nafasi yake katika snapu, ambako karata mbili zikifanana mchezo wenyewe ni kutamka. Huko wapo waliopata suluhisho zuri la sauti mbili kutoka pamoja: hakuna anayechukua. Marundo mawili yaliyofanana yanaunganishwa na kuwekwa kati kama dimbwi, mchezo unaendelea, na karata nyingine ikifunuliwa inayofanana na ile ya juu ya dimbwi, anayewahi kulitaja ndiye anayelizoa. Ugomvi haukuamuliwa. Umegeuzwa kuwa zawadi ya mbio zinazofuata.

"Anayebisha kwa nguvu anajua moyoni kuwa alichelewa."

Uongo, na huu ndio unaovunja urafiki. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Ty Tang na Michael McBeath, walichapisha majaribio ambayo watu wawili walikutwa na jambo lilelile linalotukuta mezani: kila mmoja aligusa, kisha akaulizwa nani aliwahi. Walikuta kwamba mguso wako mwenyewe unauhisi kana kwamba umetangulia wa mwenzako kwa takriban sekunde 0.05. Walianza kulifikiria swali hilo kutokana na mabishano ya michezo, pale mpira unapotoka uwanjani na kila mchezaji anaapa kwamba wa mwisho kuugusa ni mwenzake.

Lete hesabu hiyo kwenye meza. Karata zenu zikifika zikiwa zimepishana kwa chini ya sehemu hiyo ya ishirini ya sekunde, wewe unahisi uliwahi, na mwenzako anahisi vilevile. Hakuna mwongo hapo. Kwa hiyo kumwapisha mtu hakusaidii, na kupima nani amekasirika zaidi hakusaidii. Hata umri hausaidii, ingawa kwetu ndio hutumika: mjomba akicheza na mpwa wake, neno la mjomba hupita, naye mpwa anarudisha karata yake huku amenuna. Mjomba hakudhulumu kwa makusudi. Alisema alichohisi, na mpwa angesema hichohicho kuhusu karata yake kama angeruhusiwa. Ushahidi unaofaa ni ule usiotoka kinywani mwa mchezaji, na kwa bahati nzuri karata zenyewe huuandika.

"Karata ya chini ndiyo iliyotangulia."

Kweli, kwa masharti. Tuwarudie mjomba na mpwa. Rundo la kushoto linaonyesha saba. Mjomba ana nane, mpwa ana sita. Zote mbili zinaruhusiwa juu ya saba, na zote zinatua kwa kishindo kimoja. Wanasimamisha mikono na kuangalia. Nane iko chini, sita imeilalia. Nane inabaki, sita inarudi, kwa kuwa sita juu ya nane haikubaliki. Ingekuwa sita chini, nane ndiyo ingerudi. Hapo mpwa angeweza kusema bila kumkosea heshima mkubwa wake, "Mjomba, yangu iko chini," na mjomba asingekuwa na cha kujibu isipokuwa kuangalia.

Sasa badilisha kidogo: mpwa hana sita, ana tisa. Anajua mjomba anatafuta nane, anamsoma mkono, na anatupa tisa karibu wakati uleule. Tisa juu ya saba ni kosa, lakini tisa juu ya nane ni halali. Ikilala juu ya nane ya mjomba inabaki, na mpwa amecheza kwa ujanja mzuri. Ikitangulia ikawa chini, inarudi, kwa kuwa ilipofika ilikuta saba. Mpangilio wa karata umejibu bila kuuliza nia ya mtu.

Masharti ni haya. Karata lazima ishuke kutoka juu. Anayeitelezesha kwenye meza anaweza kuipenyeza chini ya karata iliyokwisha kutua, hasa kama karata ni za zamani na zimejikunja kwa unyevu na mafuta ya vidole, kwa kuwa ukingo wake unainuka na kuacha mwanya. Utaitambua iliyopenyezwa: ile ya juu huwa imesukumwa ikakaa mshazari, au imeinuka upande mmoja. Karata ya namna hiyo inarudi hata kama iko chini. Sharti la pili ni kwamba mikono isimame mara tu ubishi unapotajwa. Tatizo kubwa la spidi ni kwamba rundo la pili halingoji. Wakati mjomba anachunguza kushoto, mpwa anaweza kumaliza tatu kulia. Basi neno moja, "simama," linafunga marundo yote. Wapo watakaolitumia kupata pumzi wakiona wanashindwa, kwa hiyo naona meza ikubaliane mapema: ukisimamisha na ikaonekana karata zenu hazikugusana, unachota moja kutoka akiba ya mwenzako kama faini.

Na ukicheza nje ufuoni alasiri, kumbuka upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Ukiinua karata ya juu kabla ya kuangalia ya chini, upepo utaondoka na ushahidi wako. Tafuta kibanda.

"Siku hizi kuna simu. Rekodi video, mambo yaishe."

Kwa sehemu kubwa ni uongo. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde kwa mpangilio wa kawaida, yaani picha moja kila sekunde 0.033 hivi. Karata zikitua ndani ya nafasi ya picha moja, picha iliyotangulia itazionyesha zote hewani na inayofuata itazionyesha zote mezani. Umerudi ulikokuwa. Mpangilio wa mwendo wa polepole, wa picha 120 au 240 kwa sekunde, hupunguza nafasi hiyo, lakini unadai mwanga mwingi. Taa ikiwa hafifu karata inayopita huonekana kama ukungu. Na hata picha ikiwa safi, viganja viwili vikikutana juu ya rundo ndivyo vinavyoonekana. Karata ziko chini yake. Video hufaa kwa jambo jingine: kumwonyesha mtu kwamba ametupa mbili kwa mpigo.

"Zikilingana kabisa, kila mtu arudishe yake."

Inategemea mchezo. Tuseme mjomba na mpwa wote wana nane, na zimetua ubavu kwa ubavu, kila moja ikigusa saba na hakuna iliyoilalia nyingine. Mkirudisha zote mbili na kuanza upya, rundo bado ni saba na kila mmoja ana nane ileile, tena sasa anajua mwenzake anayo. Mtagongana tena. Afadhali mrudishe, kisha mfunue karata moja ya kukwamulia kutoka kando ya rundo hilo, mchezo uanze na uso mpya. Hasara yake ni kwamba akiba ile inapungua, na mkiigusa mara nyingi itawaishia mapema.

Lakini upo mchezo ambao kurudisha ni upuuzi. Katika ule ambao Wamarekani huuita Nertz, kila mchezaji ana pakiti yake nzima yenye mgongo wa rangi tofauti, wote wanajenga marundo ya pamoja ya aina moja moja kutoka Asi hadi Kingi, na mwishoni karata zinapangwa kwa migongo ili kila mtu ahesabu pointi za alizofikisha kati. Hapo kwenye sare ya kweli baadhi ya meza huziacha nane zote mbili juu ya saba, na tisa ya aina hiyohiyo inafuata, iwe ya nani. Hakuna aliyeibiwa, kwani pointi ya mmoja haijatolewa mfukoni mwa mwingine. Spidi haina nafasi hiyo, kwa kuwa kuondokewa na karata ndiko kushinda.

"Anayetupa ya mwisho kwanza ndiye mshindi."

Kweli kwa maneno, ila mezani haitoshi. Ya mwisho ya mjomba imetua kushoto, ya mwisho ya mpwa imetua kulia. Hazikugusana, kwa hiyo ile kanuni ya karata ya chini haina la kusema. Dawa ni kuongeza tendo moja mahali pamoja: aliyemaliza apige kiganja kati ya marundo mawili, juu ya karata moja mtakayoiweka hapo kabla ya kuanza. Mkono ulio chini, unaogusa karata, ndio ulioshinda. Hapa pia kiganja kishuke kutoka juu, kwani anayekiteleza anaweza kuingia chini ya mkono wa mwenzake usiotua sawasawa. Viganja vikikaa sambamba, kila kimoja na kona yake ya karata, hakuna mshindi: changanyeni, gawaneni tano tano bila akiba, mfunue mbili za kati na mcheze hizo tu.