Jibu kwa Mteja Anayetaka Logo Kubwa na Rangi Nyingi

"Mwanangu, kazi ni nzuri, ila logo iongeze ukubwa. Na uweke rangi rangi, ichangamke." Sisi madizaina wa kujitegemea hupokea ujumbe wa namna hii karibu katika kila kazi. Nimechagua mmoja uliotoka kwa mama anayefungasha viungo vya pilau jijini Dar es Salaam na kuviuza kwenye maduka ya mtaani, kwa sababu jibu lake linaonyesha vizuri mambo ambayo mteja haoni akiwa upande wake.

Kuna majibu mawili mepesi, na yote ni mabaya. La kwanza ni "Sawa mama": dizaina anaivuta logo mpaka ijae, anamwaga rangi, anachukua malipo yake. La pili ni kumpa mteja somo refu la usanii mpaka ajione hajui kitu. Lakini mteja huyu anajua kitu kimoja muhimu kuliko dizaina, nacho ni jinsi bidhaa yake inavyoonekana pale inapouzwa. Kwa hiyo jibu linaanza na swali.

"Shikamoo mama. Maoni yako nimeyapata. Kabla sijabadilisha, naomba kujua: uliitazama ukiwa wapi, na kitu gani hasa hakikuonekana?"

"Marahaba. Niliibandika kwenye pakiti, nikamwomba mwenye duka aitundike. Nikisimama nje ya nondo, za wenzangu naziona, yangu siioni."

Hapo sasa kuna kazi ya kufanya. Tatizo lake ni la kweli: logo haionekani kutoka mita mbili. Kuikuza ni dawa mojawapo tu, na mara nyingi si ile inayotibu. Pakiti yake ina upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 12. Logo, ambayo ni ua la karafuu juu ya jina la biashara, imekaa katika mraba wa sentimita 3. Tukiifanya 6, eneo lake halizidi mara mbili bali mara nne: kutoka sentimita za mraba 9 hadi 36, zaidi ya theluthi ya uso mzima wa pakiti. Maneno "Viungo vya Pilau" yatabanwa chini kwa herufi ndogo, na uzito utasukumwa pembeni. Mnunuzi anayefika dukani bado hajalijua jina la mama huyu. Anatafuta viungo vya pilau. Tukimficha neno analolitafuta ili tumwonyeshe ua la karafuu, mkono wa muuzaji utaelekezwa kwenye pakiti ya jirani.

Basi kwa nini haikuonekana? Mteja alikuwa ameomba rangi ya haradali, na mandhari ya pakiti ilikuwa nyeupe. Njano juu ya nyeupe hufifia kwa sababu zote mbili ni rangi zenye mwanga mwingi. Jicho likiwa mbali halipati mpaka kati yao. Yeyote anaweza kulipima hili kwa simu. Piga picha ya pakiti, kisha iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Logo ya haradali ilibaki kama kivuli cha kijivu hafifu. Nilipoigeuza kuwa kijani iliyokolea juu ya mandhari ileile, kwa ukubwa uleule, na kuondoa mstari wa mapambo uliokuwa umeigusa pembeni, ilisimama. Nafasi tupu kuizunguka logo nayo hufanya kazi. Ikijazwa, jicho halijui likae wapi.

Kipimo hicho hicho cha kuondoa rangi ndicho kinachojibu ombi la pili. Nyekundu na kijani zinazotofautiana sana machoni zinaweza kugeuka kijivu kinacholingana kabisa zikishapita kwenye mashine ya fotokopi. Wapo pia watu, wanaume hasa, ambao macho yao huzichanganya rangi hizo mbili siku zote. Logo inayotegemea rangi pekee ili sehemu zake zitambulike hupotea kwenye risiti, kwenye muhuri, na kwenye barua iliyorudufiwa.

Halafu kuna gharama, na hapa lazima nimweleze mteja ukweli wote. Stika zake huchapwa kwa mashine ya kidijitali, inayochanganya wino wa samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi kupata karibu kila rangi. Huko, rangi mbili au kumi hazimwongezei bei. Lakini amesema anataka fulana za wauzaji na mifuko ya kubebea, na hizo huchapwa kwa fremu. Kila rangi inahitaji fremu yake, wino wake, na mpito wake juu ya kitambaa. Logo ya rangi sita ina maana ya fremu sita, na kila mpito ni nafasi nyingine ya kukosea. Fremu ikisogea milimita moja, pembeni mwa ua patatokea ufa mweupe au ukingo wa pili. Ukitaka kujua kama kazi imeharibika hivyo, tazama pale rangi mbili zinapokutana.

Rangi nyingi si kosa lenyewe. Tufaha la kampuni ya Apple, lililochorwa na Rob Janoff mwaka 1977, lilikuwa na milia ya rangi sita, na zilikuwa na sababu: kompyuta waliyokuwa wanaiuza, Apple II, iliweza kuonyesha rangi. Swali la kumuuliza mama wa viungo ni hilo hilo: kila rangi itamwambia nini mnunuzi? Naye alikuwa na jibu zuri, kwa sababu mbali na pilau anafungasha viungo vya biriani na vya chai. Ujumbe niliomwandikia ulikuwa huu:

"Mama, nimekutumia pakiti mbili zilizochapwa kwa ukubwa wake halisi. Ya kwanza ni kama ulivyoagiza, logo sentimita 6 na rangi sita. Ya pili logo ni sentimita 3 na nusu, kijani peke yake. Rangi nimezihamishia kwenye mkanda wa pakiti: pilau kahawia, biriani nyekundu, chai rangi ya machungwa. Zitundike zote dukani, simama nje ya nondo, kisha mwulize mtu asiyekujua anaona nini. Utakayochagua ndiyo nitakayomalizia. Marekebisho haya yamo katika bei tuliyokubaliana. Yakizidi awamu mbili, nitakutajia gharama kwanza."

Alichagua ya pili. Angechagua ya kwanza, ningeimalizia kwa uangalifu uleule, kwa kuwa biashara ni yake.

Ipo pia sehemu ambayo mteja huwa na haki kabisa kudai ukubwa. Wachora mabango hukadiria herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Bango la kusomwa kutoka mita 60 linahitaji herufi za nusu mita, na dizaina anayeliogopa hilo kwa ajili ya urembo anamnyima mteja wake wateja.

Ukienda kwa dizaina, basi, usianze na ukubwa wala idadi ya rangi. Mwambie logo itakaa wapi, itaonwa kutoka umbali gani, itachapwa juu ya nini, na kitu gani hukukiona uliposimama pale anaposimama mnunuzi wako. Na kabla ya kulipia maelfu ya nakala, dai moja iliyochapwa kwa ukubwa wake halisi.