Je, Wajua? Muuguzi aweza kuhesabu pumzi za mtoto kwa simu

Mama anapiga simu kliniki: mtoto wa miezi 14 ana homa na kikohozi tangu jana. Muuguzi anaanza na namba na mahali alipo, simu isije ikakatika. Kisha, kabla ya kuuliza homa ni kali kiasi gani, anauliza: “Anakunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Ukimwita, anaamka vizuri?” Jibu moja baya latosha: hospitali sasa hivi.

Hapa majibu ni mazuri. “Basi mama, mfunue kifua akiwa ametulia. Kila kinapopanda, sema ‘sasa’.” Muuguzi anatazama saa dakika nzima, si nusu, maana watoto hawapumui kwa mpangilio sawa. Anahesabu 46. Kwa umri wa mwaka 1 hadi 5, kuanzia 40 ni kasi. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Huenda ni nimonia: aletwe leo hii.

Akilia, hesabu hiyo haifai; irudiwe akinyamaza. Na mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa haulizwi mengi: aletwe mara moja.