Herufi Ikififia Kwenye Picha, Viulize Vizio

Karatasi ya kanuni za fizikia ikipigwa picha kwa simu, kisha ikatumwa kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine, kinachopotea mapema ni mlalo wa herufi. Katika vitabu vya sayansi herufi iliyolala ni jina la kitu kinachopimwa, na iliyosimama wima ni kizio chake. Basi m iliyolala ni tungamo la kitu, na m iliyosimama ni mita. Kwenye picha yenye ukungu zote mbili huonekana sawa.

Herufi za Kigiriki nazo huvaa sura za jirani zao. Ro (ρ) hufanana na p, nyu (ν) hufanana na v, na omega ndogo (ω) hufanana na w. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikazia macho picha hiyo atachoka bure. Afadhali aache kuangalia umbo la herufi aulize: ili pande mbili za kanuni zilingane, herufi hii lazima iwe na kizio gani?

Chukua kanuni ya kanieneo la maji kwenye kina fulani. Kwenye picha inasomeka p = pgh. Ingekuwa p mbili hizo ni kitu kimoja, zingefutana, na ingebaki 1 = gh, jambo lisilo na maana kwa sababu g na h zina vizio na 1 haina. Kwa hiyo moja kati yake ni herufi nyingine. Kanieneo hupimwa kwa paskali, na paskali moja ni kg/(m·s²). Mchapuko wa mvutano, g, ni m/s², na kina, h, ni mita, hivyo gh ni m²/s². Ukigawa kg/(m·s²) kwa m²/s² unapata kg/m³, nacho ni kizio cha densiti. Kanuni yenyewe ni p = ρgh. Weka maji baridi, yenye densiti ya karibu 1,000 kg/m³, kwenye kina cha mita 10, na g ya 9.8 m/s²: jibu ni paskali 98,000, karibu sawa na kanieneo la hewa juu ya usawa wa bahari.

Ugumu unaofuata ni kwamba ro hiyohiyo hurudi chini ya karatasi na kazi nyingine kabisa, katika R = ρL/A. Aliyekariri kwamba ro ni densiti hukwama hapa. Ukinzani, R, uko katika omu, urefu wa waya, L, katika mita, na eneo la mkato wake, A, katika mita za mraba. Ili omu zitoke, ρ lazima iwe omu-mita: ni ukinzani mahususi wa metali yenyewe. Kwa shaba ni kama 1.7 × 10⁻⁸ Ω·m.

Sasa kokotoa waya wa shaba wa mita 10 wenye mkato wa 1 mm². Wengi huandika 1 mm² kuwa 10⁻³ m², kwa kuwa milimita ni sehemu ya elfu ya mita. Lakini hiyo mraba inaigusa mili pia, si mita peke yake, kwa hiyo 1 mm² ni 10⁻⁶ m². Jibu sahihi ni omu 0.17. Aliyetumia 10⁻³ atapata omu 0.00017, pungufu mara elfu, na vizio vyake vitaonekana vimekaa vizuri kabisa.

Hapo ndipo nguvu ya vizio inapokoma: havishiki namba iliyokosewa, na havioni namba zisizo na kizio kama ½ au 2π. Omega ndiyo inayowaponza wengi kwa njia hii. Umeme wa majumbani Tanzania na Kenya hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, na hiyo ndiyo f. Lakini ω ni 2πf, karibu radiani 314 kwa sekunde, na radiani haihesabiwi kama kizio kamili, hivyo f na ω zote huishia kuwa "kwa sekunde". Koili yenye L ya henri 0.1 huuzuia umeme huo kwa ωL, yaani karibu omu 31.4. Ukiweka 50 mahali pa ω unapata omu 5, na hakuna kizio kitakachokushtua.

Kwa hiyo kila kanuni yenye alama inayofanana na w, ilinganishe na kitabu kilichochapwa kabla ya kuitumia, na kando ya kila herufi kwenye karatasi yako andika kwa penseli jina lake na kizio chake.