Kwa Nini Utumbo Huzubaa Baada ya Kisu

Msomaji wa Morogoro ameniandikia kuhusu mdogo wake, aliyejifungua kwa upasuaji saa 3 asubuhi. Hadi kesho yake mchana bibi yao alikuwa bado amekaa nje ya wodi na chupa ya mtori mapajani. Kila akiomba kuingia, aliambiwa mzazi hajatoa upepo, kwa hiyo hali kitu. Mzazi mwenyewe alilalamikia njaa, tumbo lililojaa kama ngoma, na zaidi ya yote bega la kulia. Msomaji anauliza upepo unahusiana vipi na mtori, na bega limeingiaje kwenye kesi ya tumbo.

Ramani ya njia ya chakula tuiruke. Iko kwenye vitabu vya shule ya msingi. Ninachotaka kukieleza ni ule ukimya. Tumbo likishafunguliwa na kushonwa, utumbo huacha kusukuma kwa muda. Wengi husema umepooza, neno ambalo silipendi kwa sababu linamtisha mgonjwa na pia si kweli: misuli ni mizima na mishipa ya fahamu ni mizima. Mimi nauita mzubao, maana aliyezubaa hana ugonjwa, ila kuna kitu kimemshtua.

Zamani lawama zote zilikwenda kwa dawa ya usingizi. Mwaka 1906 Walter Cannon na Fred Murphy wa Harvard waliamua kuhakikisha. Waliwalisha paka chakula kilichochanganywa na bismuthi, madini yanayoonekana kwenye eksirei, kisha wakatazama chakula kinavyosafiri. Paka waliolazwa kwa etha peke yake walichelewa kidogo tu. Waliochelewa kwa saa nyingi ni wale ambao utumbo wao ulishikwashikwa, hata pale uliposhikwa kwa upole mkubwa. Mkosaji, kumbe, alikuwa mkono.

Mkono huo hufanya mambo mawili, kila moja kwa wakati wake. La kwanza ni la papo hapo. Utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu ndani ya ukuta, unaojua kusukuma bila kuelekezwa na kichwa. Lakini kutoka uti wa mgongo hushuka mishipa mingine ambayo kazi yake ni breki. Ngozi ikikatwa na utumbo ukiguswa, breki hizo hukanyagwa hadi mwisho, na baada ya kushona huanza kulegea. Hapa ndipo sindano ya ganzi ya mgongoni, anayochomwa mzazi kabla ya upasuaji, inaponifurahisha. Tunadhani inaua maumivu tu. Kumbe ganzi ikipanda hadi usawa wa matiti huizima pia ile mishipa ya breki, na kwa saa chache utumbo unabaki bila wa kuuzuia. Mwanamke aliyechomwa ya mgongoni ana nafuu hiyo juu ya aliyelazwa kwa nusu kaputi.

Jambo la pili huanza saa kadhaa baadaye, na ndilo linalochukua siku. Katikati ya tabaka za misuli ya utumbo wamelala walinzi, seli kubwa za kinga ziitwazo makrofaji. Siku za kawaida hawana la kufanya. Wafikirie kama sungusungu wa mtaa. Usiku mmoja wanasikia vishindo: mtu amepita akigusagusa kuta za nyumba. Hakuiba kitu na ameshaondoka, lakini filimbi imepulizwa. Sungusungu wa kwanza anaamsha wa pili, wanatumwa watu mtaa wa jirani kuomba nguvu, na baada ya saa chache barabara imejaa wanaume wenye rungu na tochi. Wanafunga njia. Mwenye duka hafungui, muuza maziwa anarudishwa, mkokoteni wa maji hauwezi kupita. Hakuna aliyejeruhiwa na mwizi; mtaa umesimama kwa sababu ya ulinzi wenyewe. Kibaya zaidi, baadhi ya sungusungu wanahamia mitaa ambayo haikuguswa kabisa na kuifunga nayo. Ndivyo utumbo mpana unavyoweza kusimama wakati daktari alishika utumbo mwembamba tu. Filimbi hapa ni kemikali wanazomwaga makrofaji, na wanaokuja kusaidia ni chembe nyeupe za damu, ambazo kwa kumwaga kemikali zaidi hufanya misuli ishindwe kujikunja. Wakitawanyika, biashara inarudi.

Haurudi mtaa mzima kwa wakati mmoja. Baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo utumbo mwembamba huanza kusukuma ndani ya saa 24, mara nyingi mapema zaidi. Mfuko wa tumbo hufuata kati ya saa 24 na 48. Utumbo mpana huwa wa mwisho, saa 48 hadi 72. Upepo hutoka mwisho wa utumbo mpana. Anayemsubirisha mgonjwa hadi atoe upepo anasubiri habari kutoka kituo cha mwisho, ilhali vituo vya mwanzo, ambako chakula husagwa na kufyonzwa, vimeshafungua zamani.

Kwa mzazi hoja hiyo ina nguvu maradufu. Katika kujifungua kwa upasuaji kisu hupita kwenye mfuko wa uzazi, na utumbo mara nyingi hauguswi au husogezwa kando kidogo tu. Sungusungu wachache, filimbi fupi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019 kuhusu huduma baada ya upasuaji wa kujifungua unashauri mzazi apewe chakula cha kawaida ndani ya saa 2. Kwa mdogo wake msomaji wangu, hiyo ingekuwa kabla ya adhuhuri ya siku ileile.

Tena chakula chenyewe ni sehemu ya tiba. Ukitafuna, kichwa hutuma taarifa kwa mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka hadi tumboni: mzigo unakuja, jiandaeni. Mwaka 2002 madaktari wa Japani waliwapa bigijii wagonjwa 10 waliokatwa sehemu ya utumbo mpana kwa sababu ya saratani, watafune mara tatu kwa siku, na 9 wengine hawakupewa. Watafunaji walitoa upepo siku moja hivi mapema. Kundi ni dogo, lakini wazo lilishika. Tafiti za wanawake waliojifungua kwa upasuaji zilipojumlishwa baadaye, watafunaji walitangulia kwa takriban saa 7. Bigijii haina chakula cha maana ndani yake. Inaudanganya utumbo tu. Anayeruhusiwa kula mtori mapema haihitaji sana, maana anayo taarifa ya kweli.

Sasa kutembea. Kila muuguzi atakuambia utembee ili tumbo lifunguke. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walibandika waya nyembamba kwenye utumbo wa wagonjwa wakati wa upasuaji, wakapima umeme wa misuli siku zilizofuata. Walioinuka siku ya kwanza hawakuamka utumbo mapema kuliko waliobaki kitandani hadi siku ya nne. Basi tusitembee? Tutembee, kwa sababu nyingine. Damu ya mwanamke aliyetoka kujifungua huganda upesi kuliko ya watu wengine, na bonge la damu kwenye mguu likisafiri hadi mapafuni huua. Zaidi ya hapo, gesi iliyokwishakuwepo hutii mkao. Watafiti wa Barcelona waliwapulizia gesi tumboni watu wazima wenye afya na kuona kwamba waliosimama huitoa vizuri kuliko waliolala. Kwa hiyo miguu haiwaondoi sungusungu, ila husaidia gesi kutafuta mlango.

Gesi hiyo ni hewa uliyoimeza, pamoja na ile inayotengenezwa na bakteria. Hupenda kukwama kwenye kona za utumbo mpana. Kona ya juu kushoto imejificha chini ya mbavu, na ikijaa mtu huhisi mchomo karibu na kifua akadhani ni moyo. Maumivu ya gesi huja kwa mawimbi na kuhama. Ya kidonda hukaa palepale na huuma ukikohoa; kwa haya ya pili, bana mto juu ya mshono kabla ya kukohoa au kuinuka.

Bega ni kisa kingine, na hewa yake haiko ndani ya utumbo. Tumbo likifunguliwa, hewa ya chumbani huingia, na baadhi hufungiwa ndani wakati wa kushona. Mgonjwa akikaa wima hupanda na kujikusanya chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Kiwambo, mtoto akiwa bado anaumbika tumboni mwa mama, huanzia shingoni na kuteremka hadi mahali pake, kikivuta mshipa wake wa fahamu nyuma kama uzi. Mshipa huo hubaki umeungwa shingoni, mahali zinapoingia pia habari za ngozi ya bega. Kiwambo kikikereka, ubongo husoma anwani isiyo sahihi na kusema bega. Kulala bapa hupunguza, na mwili huifyonza hewa hiyo ndani ya siku chache. Bega likiambatana na kukosa pumzi au kizunguzungu, aitwe daktari.

Tukirudi chakulani: mtori ni chaguo zuri, maana ndizi zimeshapondwa na nyama imeshalainika. Uji wa ulezi pia, wali laini, samaki wa kuchemsha, yai, supu ya kuku. Kidogo kidogo, mara nyingi. Tumbo likikataa, subiri saa kadhaa ujaribu tena. Ninachokiogopa siku mbili za kwanza ni njahi, zile kunde nyeusi ambazo akina mama wa Kikuyu hupikiwa wakishajifungua, na maharage kwa jumla. Yana aina ya sukari ambayo hatuna kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo hufika utumbo mpana ikiwa nzima na bakteria huigeuza gesi, kwenye kile kituo ambacho bado hakijafungua. Siku ya nne njahi hazina kesi, hasa zikilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa. Dawa kali za maumivu kama pethidini, mofini na tramadoli nazo hubana utumbo. Zikitumika, choo cha kwanza kinaweza kuchelewa, na maji mengi na papai husaidia.

Mzubao wa kawaida hupungua kila siku. Usiopungua una sura yake. Siku ya pili hadi ya tano tumbo linazidi kujaa na kukaza, mgonjwa anatapika, na maumivu yanahamia chini kulia, ambako utumbo mpana huanzia na ambako ukuta wake hupasuka kwanza ukivutwa kupita kiasi. Daktari William Ogilvie alieleza uvimbe wa namna hii mwaka 1948, na upasuaji wa kujifungua ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuutangulia. Mgonjwa wa namna hii huweza bado kutoa upepo kidogo, hata choo chepesi, na ndugu wakafurahi. Apigwe eksirei ya tumbo siku hiyohiyo. Sehemu hiyo ya mwanzo ikipanuka kukaribia sentimita 12, hakuna tena muda wa kusubiri.